Tengo la Hanoi, Akiba ya Kilimarondo

Mjomba wangu hakusomea uhasibu, ila swali aliloliuliza siku moja kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, kule kwetu Kilimarondo, bado nalitumia kazini kila mwaka. Mhasibu alikuwa akisoma hesabu. Alipofika kwenye mstari ulioandikwa "akiba" akataja mamilioni kadhaa, akageuza ukurasa. Mjomba akanyoosha mkono. "Hiyo akiba, hela yenyewe iko wapi?" Mhasibu akajibu kwamba haiko benki, iko vitabuni. Ukumbi mzima ukaguna. Nilikuwa nimekaa nyuma na cheti changu kipya, nikaona aibu kwa niaba ya wazee, kumbe aliyestahili aibu nilikuwa mimi, kwa sababu swali lilikuwa sahihi na jibu lilikuwa nusu.

Korosho za Nachingwea, Ruangwa na Liwale hupita katika minada ya chama kikuu cha RUNALI. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya kusini huishia Vietnam na India, ambako hubanguliwa. Kampuni ya Kivietnamu ikisajiliwa hapa ili kununua na kuhifadhi mzigo, vitabu vyake hupata wasomaji wa namna mbili. Hapa nchini hesabu huandaliwa kwa viwango vya kimataifa, IFRS, ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilivianzisha rasmi tangu Julai 2004. Kampuni mama kule Vietnam imezoea viwango vya nchi yake, vinavyojulikana kwa kifupi kama VAS, 26 kwa idadi, vilivyotolewa kati ya 2001 na 2005. Korosho si peke yake. Halotel, iliyoanza huduma nchini mwaka 2015, ni mali ya Viettel, kampuni ya dola ya Vietnam. Hesabu za kampuni yoyote yenye mzazi Hanoi lazima zieleweke pande zote mbili.

Tarakimu zenyewe hazina shida kubwa, alimradi ukumbuke kwamba Wavietnamu hutenganisha maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kinyume cha sisi. 1,500 yetu ikiachwa ilivyo, kwao inasomeka kama moja na nusu. Hilo hugundulika haraka. Ugumu uko kwenye yale maelezo yanayofuata nyuma ya mizania, kurasa arobaini au hamsini za maneno, ambayo Wavietnamu huyaita thuyết minh. Mimi huyaandaa, na dada mmoja wa Kivietnamu huyatia katika lugha yake. Tunakaa meza moja, yeye ananifundisha maneno ya kwao, mimi namweleza kilichokuwa kichwani mwa mhasibu aliyeandika. Ubishi wetu mwingi huzunguka neno moja tu: dự phòng.

Maana yake ya kawaida ni kujiandaa, kuweka kando kwa ajili ya dharura. Tairi la spea ni la dự phòng. Katika vitabu vya hesabu neno hili limebeba mizigo miwili ambayo sisi tuliofunzwa kwa desturi ya Kiingereza tunajitahidi kuitenga. Mzigo wa kwanza ni kupunguza thamani ya mali. Tuna mdaiwa, tunahofu hatalipa chote, kwa hiyo tunaishusha thamani ya deni lake kwenye mizania. Mzigo wa pili ni dhima. Tunajua tutalipa kitu huko mbele, hatujui lini hasa wala kiasi gani kamili, lakini wajibu upo tayari, nasi tunauandika upande wa madeni. Zamani hata Waingereza walitumia neno moja kwa yote mawili, na vitabu vya kiada nilivyosomea bado vilifanya hivyo. IFRS ya leo inayatenga. Hilo la pili lina kiwango chake, IAS 37, na la kwanza limehamia IFRS 9 likapewa jina jingine.

Kivietnamu hakikuachana na neno moja, kwa sababu hakikulazimika. Uhasibu wa Vietnam umejengwa juu ya orodha ya akaunti inayotolewa na Wizara ya Fedha, kila akaunti na namba yake, nchi nzima. Chini ya Waraka Na. 200 wa mwaka 2014, akaunti 229 ilikuwa dự phòng ya kushusha thamani ya mali, na akaunti 352 ilikuwa dự phòng ya madeni. Mhasibu wa kule akisikia "mbili mbili tisa" ameshajua tuko upande gani wa mizania. Namba ndiyo inayopambanua pale ambapo neno limenyamaza. Sisi hatuna kitu kama hicho kwa kampuni binafsi. Kila kampuni ya Tanzania hujipangia namba zake, na tofauti lazima ibebwe na neno. Kwa hiyo maelezo yetu yanapotafsiriwa, neno linafika Vietnam bila namba yake, na msomaji analiangalia kama mtu aliyeletewa barua isiyo na anwani.

Nichukue kampuni ya kufikirika, lakini yenye mambo ambayo yeyote aliyekaa na vitabu vya korosho atayatambua. Inafunga mwaka tarehe 31 Desemba. Imemkopesha mfanyabiashara wa Dar es Salaam korosho zilizobanguliwa za shilingi milioni 400, na deni limepita tarehe ya kulipwa kwa miezi mitano. Imekodi ghala kwa miaka mitano, na mkataba unaidai ilirudishe kama ilivyolikuta, yaani ibomoe mizani na kuta ilizoongeza. Gharama hiyo inakadiriwa kuwa milioni 5. Tena wanahisa wameamua kutenga milioni 20 ya faida isigawanywe.

Kwa IFRS 9, kampuni haisubiri mdaiwa aonyeshe dalili mbaya. Tangu siku ya kuuza inakadiria hasara, ikiangalia historia ya walipaji wake na hali ya soko inakoelekea. Tuseme imefikia asilimia 8, yaani milioni 32. Mizania itaonyesha deni la milioni 368, na maelezo yataeleza ile 32 imetokana na nini.

Sasa mfasiri anafika kwenye 32. Neno linalomjia mdomoni ni dự phòng phải thu khó đòi, tengo la madeni yenye shaka, maana ndilo aliloliona kwenye kila taarifa ya fedha tangu chuo. Ni Kivietnamu safi, na hapo ndipo penye mtego. Neno hilo kwa msomaji wa kule halisimami peke yake, linakuja na jedwali. Waraka Na. 48 wa 2019 unasema deni lililopitiliza miezi sita hadi chini ya mwaka litengewe asilimia 30, mwaka mmoja hadi chini ya miwili asilimia 50, miwili hadi chini ya mitatu asilimia 70, na miaka mitatu kuendelea asilimia 100. Waraka ule uliandikwa kwa ajili ya kodi, lakini makampuni mengi huufuata hata vitabuni. Deni la miezi mitano kwa jedwali hilo halina tengo lolote.

Fikiria basi mkaguzi wa ndani aliyekaa Bình Phước, eneo la wabanguaji wa korosho, anasoma kwamba kuna milioni 32 ya khó đòi. Hatauliza. Atapiga hesabu kinyumenyume: 32 ukiigawa kwa asilimia 30 unapata kama milioni 107. Ataamini kwamba kati ya ile 400, milioni 107 imeshapita miezi sita. Ataandika barua ya kumlaumu meneja wa Tanzania kwa kuficha umri wa madeni. Hakuna aliyedanganya, na kila neno liko kwenye kamusi. Ila deni limezeeshwa na tafsiri.

Neno linalofaa ni refu kidogo, dự phòng tổn thất tín dụng dự kiến, tengo la hasara ya mikopo inayotarajiwa, ndilo linalotumika Vietnam kwa IFRS 9. Msomaji akiliona anajua jedwali halihusiki hapa, arudi kwenye maelezo ya sera aone ile asilimia 8 imetoka wapi. Dada yangu wa mezani alilikataa mwanzoni. Alisema bosi wake atalalamika kuwa ni neno la kigeni. Nikamwambia alalamike, kwa kuwa jambo lenyewe ni geni kwake, na neno lililozoeleka lingemficha ugeni huo. Hapa natofautiana na wafasiri wengi ninaowaheshimu, ambao husema kazi yetu ni kumpa msomaji neno la nyumbani kwake. Katika riwaya nakubali. Katika maelezo ya hesabu, neno la nyumbani huja na sheria ya nyumbani, nazo hesabu hizi hazikuandaliwa kwa sheria hiyo.

Ile milioni 5 ya ghala ni rahisi zaidi: dự phòng phải trả, yenye neno la kulipa ndani yake, na VAS 18 inakaribiana sana na IAS 37 katika hili. Ukiandika dự phòng tupu, msomaji anaweza kuijumlisha na ile 32 akapata 37 na kudhani vyote ni mali iliyochakaa thamani. Namna ya kujipima ni moja. Kila unapokutana na neno hili kwenye rasimu, rudi kwenye mizania uone kiasi chake kimekaa wapi. Kama kimepunguza mali, lazima mali yenyewe itajwe kwenye neno. Kama kimekaa kwenye madeni, lazima kulipa kutajwe. Rasimu yenye dự phòng isiyo na mkia ni rasimu isiyomalizika.

Imebaki ile milioni 20 ya wanahisa, na hapa Kivietnamu kina mzimu wa zamani. Kabla ya Waraka 200, makampuni ya Vietnam yalikuwa na mfuko ulioitwa quỹ dự phòng tài chính, uliotengwa kutoka kwenye faida na kukaa ndani ya mtaji. Waraka ule uliufuta, salio likahamishiwa mfuko wa maendeleo. Lakini wahasibu wa umri wangu bado wanaukumbuka. Ukiiita akiba ya mtaji kwa jina lolote lenye dự phòng ndani yake, umeamsha kitu cha tatu kilichokwisha kuzikwa.

Na hapa nimerudi kwa mjomba. Kiswahili chetu kimefanya na "akiba" kile Kivietnamu kilichofanya na dự phòng, pengine zaidi. Akiba ni fedha ya mtu benki. Akiba ni nafaka ghalani. Akiba ni ile sehemu ya ziada ambayo sheria ya ushirika inakitaka chama kuiweka. Wapo hata wanaosema "akiba ya madeni mabaya" kwa kile ambacho mimi naita tengo. Kwa mkulima wa Kilimarondo neno hilo lina maana moja iliyotangulia zote: kitu kilichopo, unachoweza kwenda kukishika. Kumwambia kwamba chama kina akiba halafu hela haipo ni kumtukana akili. Neno "tengo" lina afadhali kwa sababu halimwahidi kitu, linasema tu kuwa kimetengwa, ingawa naye ana haki ya kuuliza kimetengwa kwenda wapi. Jibu kamili ambalo mhasibu wetu hakulitoa ni kwamba akiba inaonyesha sehemu ya mtaji isiyogawiwa, nayo hela imeshageuka magunia, mizani na madeni ya watu. Angesema hivyo, mjomba angeelewa mara moja. Yeye mwenyewe hela yake yote ilikuwa shambani.

Eneo la pili ambapo lugha hizi zinagongana ni ardhi, na kwangu ndilo tamu kuliko yote, kwa sababu Tanzania na Vietnam zinafanana hapo kuliko kila moja inavyofanana na London. Kote kuwili hakuna mtu anayemiliki ardhi. Kwetu Sheria ya Ardhi ya 1999 imeiweka yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na sehemu kubwa ya Kilimarondo ni ardhi ya kijiji chini ya sheria nyingine ya mwaka huohuo. Kwao ardhi ni ya watu wote na dola ndiyo msimamizi. Kinachomilikiwa ni haki: kwetu haki ya kukalia, kwao quyền sử dụng đất, haki ya kutumia ardhi. Cheti chao watu hukiita kitabu chekundu, sổ đỏ. Chetu tunakiita hatimiliki, neno linalosema kumiliki ingawa sheria haisemi hivyo.

Mpaka hapo mtu angetegemea tafsiri iteleze. Lakini mwaka 2019 IFRS 16 ilianza kutumika, nayo ilileta kitu chenye jina linalokaribia mno. Ukikodi ghala kwa miaka mitano, unaandika mali inayoitwa haki ya kutumia, na upande wa pili deni la kodi utakazolipa. Kwa Kivietnamu mali hiyo ni tài sản quyền sử dụng. Linganisha: quyền sử dụng đất ni haki ya kutumia ardhi, ile yenye kitabu chekundu, na VAS inaiweka kati ya mali zisizoshikika. Tài sản quyền sử dụng ni mali ya haki ya kutumia, inayoweza kuwa ghala, gari au hata mizani ya kukodi. Silabi tatu, quyền sử dụng, ni zilezile.

Kosa la kuzichanganya nililipitisha mimi, tena kwa sahihi yangu, safari hii kwenye vitabu vya kampuni halisi. Kodi ya ghala lake, la mkataba wa miaka mitano, ilikuwa milioni 12 kwa mwaka, ikilipwa mwisho wa kila mwaka, na kiwango cha riba ambacho kampuni ingekopa ni asilimia 15. Malipo matano yakirudishwa kwenye thamani ya siku ya kwanza yanatoa kama milioni 40.2. Kwenye rasimu, kichwa cha safu hiyo kilikuwa kimefupishwa ili kienee, na kifupisho kikapotoza maana, kikasomeka haki ya kutumia ardhi. Nilikikagua kwa kuangalia tarakimu tu, zikawa sawa, nikapitisha. Wiki mbili baadaye ikaja simu kutoka Vietnam: tangu lini kampuni imepata hati ya ardhi ya milioni 40 Tanzania, na kwa nini bodi haikuombwa idhini? Swali lilikuwa la haki. Kampuni ya kigeni haipati ardhi hapa kirahisi hivyo, inapewa haki kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa utaratibu wake.

Kulikuwa na shida nyingine chini ya ile ya kwanza. Kwa VAS 06, ghala la kukodi namna hii halionekani kwenye mizania kabisa. Kodi ya milioni 12 inaingia kwenye matumizi kila mwaka, basi. Kwa IFRS 16, mwaka wa kwanza unabeba uchakavu wa milioni 8 na kidogo na riba ya milioni 6, jumla kama 14.1, ingawa hela iliyotoka mfukoni ni ileile 12. Mfasiri anayetaka kumsaidia msomaji wake anaweza kushawishika kuiita mali hiyo tài sản thuê tài chính, neno la VAS kwa ukodishaji ule unaofanana na kununua kwa mkopo. Litamtuliza msomaji kwa sababu analijua, na litamdanganya kwa sababu ghala halitakuwa letu mwisho wa mkataba, wala hakuna aliyekusudia liwe.

Tangu siku hiyo tuna desturi mbili mezani. Vichwa vya safu havifupishwi mpaka mtu wa pili avisome bila kuona mizania ya Kiingereza, aseme anaelewa nini. Na maelezo ya pili, yale yanayotaja hesabu zimeandaliwa kwa viwango gani, hutafsiriwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kisha neno IFRS huachwa lilivyo katika kila ukurasa unaotumia istilahi ambayo VAS haina. Kuna wanaoongeza tanbihi ya mfasiri kueleza tofauti. Mimi naikubali pale tu ambapo mkaguzi ameiona, maana maelezo ya hesabu ni sehemu ya kile alichokitolea maoni, na mfasiri hana ruhusa ya kumwekea maneno mdomoni. Wala haruhusiwi kugeuza ile 40.2 iwe sifuri ili ifanane na VAS. Huko ni kuandaa hesabu upya, kazi ya mhasibu wa kampuni mama anapounganisha vitabu, na ina karatasi zake.

Orodha yetu ya istilahi sasa ina safu ya nne, ya mwaka. Tuliiongeza kwa sababu Vietnam yenyewe inasogea. Mwaka 2020 Wizara yao ya Fedha iliidhinisha mpango wa kuhamia IFRS kwa hatua, na Waraka Na. 99 wa 2025, ulioanza kutumika 1 Januari 2026, umeuondoa ule Na. 200. Moja ya mabadiliko yake ni jina la mizania yenyewe. Ilikuwa Bảng cân đối kế toán, jedwali la kusawazisha hesabu. Sasa ni Báo cáo tình hình tài chính, taarifa ya hali ya fedha, jina lilelile tulilokuwa tukilitumia sisi kwa IFRS ili kuonyesha kwamba hesabu hizi si za VAS. Alama yetu moja imekufa. Hesabu za 2025 zikitafsiriwa pamoja na za 2026 kwa ajili ya kulinganisha, jina moja litasimama juu ya safu mbili zilizoandaliwa kwa kanuni tofauti.

Msimu uliopita nilipokwenda nyumbani nilimkuta mjomba kibarazani, risiti za ghala mkononi, anangoja malipo ya mnada. Nikamsalimu, shikamoo mjomba, akaitikia, kisha akaniuliza kazi yangu hasa ni nini huko mjini. Nikamwambia nawaelezea watu wa Vietnam hela ya korosho iko wapi. Akazikunja risiti, akaziweka kwenye mfuko wa shati. "Ukijua," akasema, "na sisi utuambie."